Ukurasa wa Pili Hauko Pale Ulipouacha

Duka la mtandaoni likifanya ofa ya siku moja, kesho yake linaweza kuamka na oda 500 zilizokwisha kulipiwa na ambazo hazijapelekwa. Hakuna karani atakayekaa kuzinakili moja moja. Kazi hiyo huachiwa programu ndogo: inazichukua oda kutoka kwenye mfumo wa duka, inaipa kampuni ya usafirishaji anwani ya kila mteja, kisha inarudi dukani kuandika kwamba oda imekamilika. Programu inaanza alfajiri, inamaliza baada ya muda mfupi, na kwenye kumbukumbu zake inaandika kwamba kazi imekwisha bila kosa lolote. Mchana mwenye duka anafungua mfumo, anakuta oda 200 bado zinasubiri.

Seva haikuanguka. Mtandao haukukatika. Kila ombi lililotumwa lilijibiwa vizuri. Oda zile 200 hazikukataliwa na yeyote, hazikusomwa kabisa. Ukiirudisha programu kazini, itachukua sehemu ya zile zilizobaki na kuziacha nyingine, tena kwa utulivu uleule.

Ili tuone kilichotokea tutumie WooCommerce, programu-jalizi inayoigeuza tovuti ya WordPress kuwa duka. Nimeichagua kwa sababu maelezo yake yako wazi kwa kila mtu na kwa sababu hali za oda zake zinaeleweka hata na asiyeandika programu. Oda iliyolipiwa inayosubiri kupelekwa huwa na hali ya `processing`. Ikishapelekwa, huandikwa `completed`.

Programu ya nje inaomba oda kupitia API, yaani anwani maalumu ambayo mfumo umeiweka ili programu nyingine ziulize na kujibiwa. Anwani hiyo haitoi oda zote kwa mkupuo. Usipotaja idadi unapewa 10, na ukitaka nyingi zaidi, kikomo ni 100 kwa ombi moja. Hilo ni jambo la busara, maana jibu la oda elfu kadhaa, kila moja na bidhaa zake, bei zake na anwani zake, lingeweza kuimaliza kumbukumbu ya seva ndogo ambayo papo hapo inahudumia wateja wanaonunua. Kwa hiyo orodha hukatwa kurasa, nawe unaomba ukurasa mmoja baada ya mwingine:

```
GET /wp-json/wc/v3/orders?status=processing&orderby=id&order=asc&per_page=100&page=1
```

Ombi hili linasema: nipe oda zinazosubiri, zipangwe kwa namba kuanzia ndogo, mia kwa kila ukurasa, na nianzie ukurasa wa 1. Pamoja na oda zenyewe, jibu huja na vichwa viwili vya maelezo. `X-WP-Total` kinataja jumla ya oda zinazosubiri, hapa 500, na `X-WP-TotalPages` kinataja idadi ya kurasa, hapa 5. Mtu akishaona tano, mkono wake unaandika wenyewe:

```
page = 1
rudia:
    oda = chukua(status="processing", per_page=100, page=page)
    kama oda ni tupu: acha
    kwa kila o katika oda:
        safirisha(o)
        badilisha(o, status="completed")
    page = page + 1
```

Isome mara mbili. Hakuna mstari ulio na kosa la tahajia wala la mantiki ya kawaida, na mkaguzi aliyechoka ataipitisha. Kasoro iko kwenye maana ya neno `page`.

Msomaji wa kitabu anajua kwamba ukurasa wa 2 umeshachapwa. Akisoma wa 1 au asisome, wa 2 uko palepale. Seva haina kitabu. Haikuandaa kurasa tano ulipoomba ule wa kwanza, na haikumbuki kwamba uliwahi kuja. Kila ombi linapofika, inatafuta upya oda zote zinazosubiri kwa wakati huo, inazipanga, inahesabu kutoka mwanzo, inaruka kadhaa na kutoa zinazofuata. `page=2` yenye mia kwa ukurasa ni agizo la kuruka 100 za mwanzo na kutoa 100 zinazofuata. Ndani ya hifadhidata agizo hilo huandikwa `LIMIT 100 OFFSET 100`, na hiyo `OFFSET` si kingine ila idadi ya kurukwa. Inahesabu nafasi katika orodha. Haijui ni oda gani umekwisha kuishughulikia.

Sasa tuzipe oda zetu namba 1 hadi 500 na tuifuate programu hatua kwa hatua.

Ombi la kwanza haliruki chochote. Linaleta oda 1 hadi 100, zinasafirishwa, zinaandikwa `completed`. Kwa kitendo hicho zimetoka kwenye orodha ya zinazosubiri. Zimebaki 400, na iliyo mbele kabisa sasa ni oda ya 101.

Ombi la pili linaruka 100 za mwanzo. Lakini 100 za mwanzo kwa sasa ni oda 101 hadi 200, ambazo hazijaguswa. Zinarukwa, na zinazoletwa ni 201 hadi 300. Ni sawa na foleni ambayo watu mia wa mbele wamehudumiwa na kwenda zao, halafu karani anaita kuanzia aliyesimama nafasi ya 101: anayeitikia ni yule aliyefika wa 201, na mia waliomtangulia wanabaki wakitazamana.

Baada ya ombi la pili zimebaki oda 300: 101 hadi 200, kisha 301 hadi 500. Ombi la tatu linaruka 200. Linaziruka tena zile 101 hadi 200, linaongeza 301 hadi 400, na kuleta 401 hadi 500. Zimebaki 200. Ombi la nne linaruka 300 katika orodha yenye 200 tu, halipati kitu, na programu inachukua utupu huo kama dalili kwamba kazi imekwisha. Imeshughulikia oda 300 na kuacha 200.

Ukiangalia kwa makini utaona utaratibu: kurasa za kwanza, tatu na tano za orodha ya awali zimefanyiwa kazi, ya pili na ya nne zimerukwa. Kama oda zingekuwa 1,000, zingebaki 500. Karibu nusu, kila mara. Na hapa ndipo tatizo linapopata maficho yake, kwa sababu mwenye duka akibonyeza tena, zile 200 zinashuka kuwa 100, na akibonyeza mara ya tatu zinakwisha. Anachokiona ni programu mvivu inayohitaji kusukumwa, wala haimjii akilini kwamba inaruka. Ikiwa imepangwa kujiendesha kila saa, huenda hakuna atakayelalamika isipokuwa wateja ambao mizigo yao huchelewa bila sababu inayoeleweka. Balaa hasa huja pale programu inapoendeshwa mara moja tu kisha hesabu za siku zikafungwa.

Maficho ya pili ni majaribio. Aliyeiandika aliijaribu kwa oda kumi za kubuni. Kumi zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa mia, na ukurasa wa kwanza daima hausababishi shida. Kasoro hii huzaliwa pale tu zinaposubiri oda nyingi kuliko ukubwa wa ukurasa, yaani siku ya ofa, siku ambayo hakuna mwenye nafasi ya kuichunguza.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Katika ombi letu tumepanga oda kuanzia namba ndogo. Usipotaja mpangilio, WooCommerce hutanguliza mpya. Tuseme wakati ukurasa wa kwanza unashughulikiwa, oda 12 mpya zinaingia. Zinakaa mbele. Ombi la pili linaporuka 100, linaziruka hizo 12 pamoja na 88 za zamani ambazo hazijaguswa. Na kama programu ingekuwa inasoma tu bila kubadilisha hali, zile 12 zingezisukuma nyingine nyuma, na ukurasa wa pili ungerudia oda 12 ulizokwisha kuziona kwenye wa kwanza. Hesabu ni ileile: kinachotoka mbele ya mahali unaposoma huleta kurukwa, kinachoingia mbele huleta kurudiwa. Ukitanguliza za zamani, angalau oda mpya zinajipanga mkiani na hazimsumbui mtu. Ndiyo maana `order=asc` ni jambo la kuandika waziwazi, usiliachie mazoea ya mfumo.

Dawa inayokuja kwanza akilini ni kuacha kuongeza namba ya ukurasa. Kwa kuwa zilizoshughulikiwa zinatoka zenyewe kwenye orodha, omba ukurasa wa 1, ushughulikie, uombe tena ukurasa wa 1, hadi uje mtupu. Kwa oda zetu 500 ni maombi matano yenye kitu na la sita lisilo na kitu. Hakuna kinachorukwa.

Ila dawa hii imejengwa juu ya dhana kwamba kila oda iliyochukuliwa itatoka. Chukua oda tatu ambazo anwani zake zinakataliwa na kampuni ya usafirishaji. Haziandikwi `completed`, kwa hiyo zinabaki mbele. Kila ombi sasa linaleta hizo tatu na mpya 97. Mwishowe zimebaki tatu peke yake, na ukurasa wa 1 hautakuwa mtupu hata milele. Programu inaziomba, inakataliwa, inaziomba tena, mamia ya mara kwa dakika, hadi kampuni ya usafirishaji ifunge mlango. Na siku ambayo zilizokataliwa zimefika 100, ukurasa wote wa kwanza umejaa zao na hakuna oda nzima inayoweza kupenya. Tatizo la kuruka limegeuka kuwa tatizo la kukwama, ambalo angalau lina kelele.

Wengine huzibadilisha oda hizo kuwa `on-hold` ili zitoke njiani. Sishauri hivyo katika WooCommerce, kwa sababu hali hiyo ina maana yake: malipo yanasubiri kuthibitishwa. Mhasibu atakayeiona ataanza kumtafuta mteja aliyelipa zamani. Kuna njia safi zaidi. API ya oda inakubali `exclude`, orodha ya namba zisizotakiwa kwenye jibu. Programu inaziweka kando namba zilizoshindikana na kuzitaja katika ombi linalofuata:

```
GET /wp-json/wc/v3/orders?status=processing&orderby=id&order=asc&per_page=100&exclude=1041,1077,1102
```

Sasa ukurasa wa kwanza unakuwa mtupu pale tu ambapo kila oda ama imekamilika ama imejaribiwa ikashindikana. Namba tatu zilizowekwa kando ni ripoti tosha ya kumpa mtu azipigie simu.

Njia ya kina zaidi inaiacha nafasi kabisa na kushika namba ya oda. Badala ya kusema ruka mia, unasema nipe zinazofuata baada ya hii niliyoishia. API ya oda za WooCommerce haina kigezo cha namna hiyo kwa namba, lakini ukiwa na hifadhidata yako mwenyewe ombi linaandikwa hivi:

```
SELECT id FROM oda
WHERE status = 'processing' AND id > 100
ORDER BY id
LIMIT 100;
```

Oda 1 hadi 100 zikitoka kwenye orodha, zisipotoka, zikitoka nusu yake, jibu halibadiliki: linaanza na 101. Oda iliyoshindikana inaachwa nyuma mara moja na haizuii njia. Stripe, kampuni ya malipo ya kadi, imejenga API yake hivyo. Unaipa `starting_after` pamoja na kitambulisho cha kitu cha mwisho ulichokiona, nayo inaendelea kutoka hapo. Wanaotumia Laravel kuandika PHP wana kazi mbili zinazofanana kwa sura, `chunk` na `chunkById`. Ya kwanza inahesabu nafasi, ya pili inashika namba. Nyaraka zake zenyewe zinaonya kwamba ukichuja kwa safu ambayo unaibadilisha wakati unapita, tumia ya pili. Naamini wengi huusoma mstari huo baada ya kuumia.

Faida nyingine ya njia hii ni mwendo. Nyaraka za PostgreSQL zinasema bayana kwamba mistari inayorukwa na `OFFSET` bado inalazimika kukokotolewa ndani ya seva. Kuomba mia baada ya kuruka laki moja ni kuifanya hifadhidata izipitie laki moja na mia, kisha itupe laki moja. Kwa namba, faharasa inaifikisha moja kwa moja mahali ulipoishia.

Nayo ina mitego. Ukishika tarehe badala ya namba, kumbuka kwamba oda mbili zinaweza kuingia sekunde moja. Ikiwa ukurasa umeishia kwenye ya kwanza kati ya hizo, ombi la zinazofuata baada ya sekunde hiyo litaiacha ya pili. Kwa hiyo tarehe huandamana na namba, na mpangilio huzitumia zote mbili. Mtego wa pili ni wa ndani zaidi: hifadhidata hutoa namba pale oda inapoanza kuandikwa, lakini wengine huiona pale uandishi unapokamilika. Oda ya 1041 inaweza kuonekana baada ya 1045 kama malipo yake yalichelewa kidogo, na programu iliyokwisha kupita 1045 haitarudi nyuma. Hili halidhuru ikiwa kila mzunguko mpya unaanza tena kutoka sifuri, kwa sababu hali ya `processing` ndiyo inayokumbuka nini hakijafanywa. Linadhuru kwa yule anayehifadhi 1045 na kuanza nayo kesho yake akidhani anaokoa muda.

Kwa duka lenye oda 500, mimi ningechagua jambo la tatu lisilo na ufundi wowote: pitia kurasa zote tano kwanza bila kugusa oda hata moja, andika namba zake, kisha ndipo uanze kazi kwa kufuata orodha yako mwenyewe. Wakati unasoma, programu haiondoi kitu, kwa hiyo haijikati miguu. Bado karani anaweza kufuta oda moja katikati ya usomaji na kusababisha nyingine moja kuruka mpaka wa ukurasa, lakini hiyo ni moja, na mzunguko unaofuata utaikuta. Sharti ni kuiangalia kila oda upya kabla ya kuisafirisha, maana kati ya kuandikwa na kufikiwa mteja huenda ameighairi. Kwa mamilioni ya rekodi njia hii ni nzito, na hapo ndipo kushika namba kunakuwa lazima.

Njia yoyote utakayoichagua, oda inaweza kupokelewa na msafirishaji halafu mtandao ukakatika kabla ya kuandikwa `completed`. Safari inayofuata itachukuliwa tena. Namba ya oda ipelekwe kwa msafirishaji kama rejea, ili mzigo wa pili wenye namba ileile ukataliwe.

Kuigundua programu inayoruka si kazi ngumu ukijua pa kutazama. Usihangaike na mapengo ya namba. Katika WordPress oda zinaweza kugawana mfululizo wa namba na kurasa, picha na makala, hivyo mapengo ni ya kawaida. Tazama jumla. Soma `X-WP-Total` kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Jumla ya mwanzo ukiijumlisha na oda zilizoingia katikati lazima ilingane na zilizokamilika, zilizofutwa na zilizobaki, zilizoshindikana zikiwa miongoni mwa zilizobaki. Zikibaki 200 wakati hakuna iliyoshindikana na hakuna mpya, programu imeruka.

Au usisubiri siku ya ofa. Tengeneza oda 7 kwenye duka la majaribio na uweke `per_page=2`. Programu yenye kasoro itachukua oda 1 na 2, kisha 5 na 6, kisha itaomba ukurasa wa tatu katika orodha iliyobaki na oda tatu, ipewe utupu, itangaze ushindi na kuziacha oda 3, 4 na 7. Ukishairekebisha, rudia jaribio hilohilo lakini oda 2 na 5 uzipe anwani zitakazokataliwa: programu iliyo sawa itakamilisha tano, itataja mbili, na itasimama yenyewe.